Barua ya madai isiyogombana: namna nilivyoiandika upya yangu

Swali: "Mteja hajamaliza kunilipa tangu miezi miwili iliyopita. Nimeandika barua ya madai, lakini mke wangu ameisoma akasema inanuka ugomvi. Naogopa nikiipoza ataona namwomba badala ya kumdai. Nifanyeje?"

Ndugu muulizaji, nina karakana ndogo ya kushona na kuchapa fulana, na mwaka 2024 nilikuwa pale pale ulipo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, na humo nilimwambia mteja kwamba ametufanya wajinga, kwamba amekataa kulipa kwa makusudi, na kwamba nitamtangaza kwa wafanyabiashara wenzangu wote. Wakili niliyempelekea aisome hakugusa hasira yangu hata kidogo, bali aliniuliza swali moja tu: "Hakimu akiisoma hii, atajua unadai shilingi ngapi na kwa nini?" Niliipitia upya mbele yake, nikaona kwamba kiasi nilichodai kilitajwa mara tatu, na kila mara kilikuwa tofauti.

Swali lake lina msingi, kwa sababu barua ya madai husomwa na watu wawili. Wa kwanza ni mdaiwa. Wa pili ni hakimu, ambaye ataiona ikiwa imeambatanishwa kama kielelezo endapo shauri litafunguliwa. Sentensi inayomchoma mdaiwa humpa nafasi ya kujibu tusi na kuliacha deni, na sentensi hiyo hiyo mbele ya hakimu hukuonyesha wewe kuwa ndiye mgomvi. Mdaiwa hubanwa na tarakimu na tarehe asizoweza kuzikanusha, ukali wa maneno haumbani.

Anza na vitenzi. Mimi niliandika "umekataa kulipa", nikabadilisha ikawa "kiasi hicho hakijalipwa hadi tarehe ya barua hii". Sentensi ya kwanza inadai kwamba najua nia ya mtu, jambo nisiloweza kulithibitisha, ilhali ya pili huthibitishwa na taarifa ya benki pekee. Hapo ndipo hofu yako ya kuonekana unaomba inapojibika, kwa maana "hakijalipwa" si neno laini hata kidogo. Maneno yanayolegeza barua ni yale ya "tunaomba utufikirie" na "ikikupendeza", nayo yaondoe pamoja na matusi, kwa kuwa yote mawili humpa msomaji kitu cha kushughulikia kisichokuwa deni.

Maelezo ya dai nayo yawe ya tukio kwa tarehe, na kila tukio liegemee karatasi uliyonayo. Yangu yalikuja kuwa hivi: "Tarehe 4 Machi 2024 tulikukabidhi fulana 200 zenye nembo yako, kama inavyoonyesha hati ya makabidhiano iliyosainiwa na mtunza stoo wako. Ankara yetu ya tarehe hiyo ilitakiwa kulipwa ndani ya siku 30, yaani kufikia tarehe 3 Aprili 2024." Nakala za hati na ankara ziliambatanishwa. Habari za simu zisizopokelewa na ahadi za mdomo nilizifuta zote, ingawa ndizo zilizokuwa zimeniumiza zaidi.

Kwenye kiasi ndipo wengi wetu tunapojiharibia, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Naandika tarakimu tupu, kwani hesabu ni ileile kwa sarafu yoyote. Fulana 200 kwa bei ya 9,200 kila moja ni 1,840,000. Mteja alikuwa ametanguliza 700,000, kisha tarehe 12 Aprili akalipa 300,000, hivyo likabaki salio la 840,000. Rasimu yangu ilidai "karibu milioni moja pamoja na usumbufu". Usumbufu huo haukuwa popote katika makubaliano yetu, na riba vilevile hatukuwa tumeiandika, kwa hiyo sikuwa na pa kuvishika. Palikuwa na jambo jingine nililokuwa nimelinyamazia: tarehe 18 Machi alirudisha fulana 12 ambazo nembo ilikuwa imepinda, nami nilizipokea na kuzisainia. Fulana 12 kwa 9,200 ni 110,400. Nilizitoa, na barua ikadai 729,600, na hesabu yote ikaonyeshwa mstari kwa mstari.

Inauma kupunguza dai lako kwa mkono wako mwenyewe, lakini zile fulana 12 ndizo zilizokuwa kinga yake pekee. Kama ningezificha, angejibu kuhusu fulana mbovu na kuacha 729,600 zisizo na ubishi zikielea miezi mingine miwili. Nilipozitaja mimi mwenyewe, hakubaki na hoja.

Kuhusu muda, usiandike "ndani ya siku 14" ukaishia hapo, maana mtaanza kubishana kama siku zinahesabiwa tangu ulipoandika au tangu alipopokea. Taja siku, tarehe na saa. Barua yangu ilifika kwa mkono tarehe 10 Mei, mpokeaji akasaini kwenye nakala yangu, nayo ilisema malipo yafike katika akaunti iliyotajwa kufikia Ijumaa, tarehe 24 Mei 2024, saa kumi jioni. Niliongeza sentensi moja kwamba kama hawezi kulipa zote kwa mara moja, alete pendekezo la awamu kwa maandishi kufikia tarehe 17 Mei. Kabla ya hapo mtu mwenye nusu ya fedha alikuwa na njia moja tu, nayo ni kunyamaza.

Matokeo ya kutolipa yanatosha sentensi moja, isiyo na alama ya mshangao: "Iwapo kiasi hiki hakitakuwa kimelipwa kufikia muda huo, tutafungua shauri la madai bila kutoa notisi nyingine." Taja tu unachokusudia kufanya kweli, kwa kuwa ukishapitisha tarehe yako mwenyewe bila kuchukua hatua, barua ya pili haitasomwa. Usitishie polisi kwa deni la kawaida la biashara, wala usitishie kumtangaza. Mahali pengi kumtisha mtu kwa mashtaka ya jinai ili alipe kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na kumwita tapeli mbele ya watu wengine kunaweza kuzaa shauri la kashfa.

Kuna kosa moja zaidi ambalo hufanywa na watu makini. Wengi hugonga juu ya barua yao maneno "bila kuathiri haki" kwa kudhani kwamba yanaipa uzito wa kisheria. Kwa kawaida maneno hayo ni ya barua za kutafuta suluhu, na kazi yake ni kuzizuia zisitumike kama ushahidi. Ukiyaweka kwenye barua ya madai unaweza kujikuta umeikosesha mahakama kielelezo chako mwenyewe. Ukitaka kumpunguzia deni ili yaishe, mwandikie barua nyingine kando, na hiyo ndiyo iwe na maneno hayo.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa na kidogo. Tarehe 16 Mei mteja aliandika kwamba angelipa 400,000 wiki ile na 329,600 mwisho wa mwezi, nami nikamjibu kwa maandishi kwamba nimekubali tarehe hizo mbili na kwamba akikosa yoyote kati yake salio lote litadaiwa papo hapo. Awamu ya pili ilichelewa siku tatu.