Mtungi wa kilo 6 ni sawa na mkaa kiasi gani?

Jirani yangu hapa Ng'ambo, Tabora, hupika maharage ya kuuza. Juzi aliniuliza: "Mwalimu, nijaze gesi au ninunue gunia?" Nafundisha kemia, nikachukua kalamu.

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Moli moja ya kaboni, yaani gramu 12, ikiungua vizuri hutoa kilojuli 393.5, kwa hiyo kilo moja hutoa karibu megajuli 33. Mkaa wetu wa miyombo una majivu na unyevu, basi hesabu 29.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Tuchukue propani:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Moli moja, gramu 44, hutoa kilojuli 2220. Gawanya, unapata megajuli 50 kwa kilo. Hapo wengi huishia, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Namba hiyo huchukulia kwamba maji yanayotokana na mwako yamerudi kuwa kimiminika. Jikoni yanapotea kama mvuke, na kila moli ya maji huondoka na kilojuli 44. Moli nne ni 176. Zinabaki 2044, sawa na megajuli 46 kwa kilo. Butani nayo haiko mbali na hapo. Kaboni tupu haitoi maji, kwa hiyo haina makato haya.

Mafuta ya taa yana kama 43 kwa kilo. Ila huuzwa kwa lita, na lita ina uzito wa kilo 0.8 hivi, kwa hiyo lita moja ni megajuli 34 tu.

Sasa sufuria. Jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye chakula kama robo ya joto la mkaa: megajuli 7 kwa kilo. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu kidogo, kama 25. Mtungi wa kilo 6 unakupa 150. Gawanya kwa 7: ni kilo 21 za mkaa. Ukiwa na jiko banifu zuri, linalofikisha 10 kwa kilo, mtungi huo ni sawa na kilo 15.

Nilimwambia jirani apime debe la mkaa kwenye mizani, apate bei ya kilo, azidishe kwa 21. Jibu likizidi bei ya kujaza mtungi, gesi ni nafuu kwake.

Na apime mkaa mkavu. Kilo yenye asilimia 10 ya maji ina gramu 100 zisizo mkaa: umepoteza megajuli 2.9. Kuyageuza maji hayo mvuke hula robo megajuli tu, kwa hiyo hasara kubwa ni kulipia maji kwa bei ya mkaa. Gonga vipande viwili: mkavu hulia kama kigae, wenye maji hutoa mlio mzito uliofifia.