Jibu: Gari inagoma kuwaka nikishajaza mafuta

"Nikitoka kujaza tenki gari inasumbua kuwaka mpaka nikanyage mafuta, siku zingine iko poa tu. Shida nini?"

Mambo mkuu. Anza na valvu ya kanista kabla hujagusa plagi au pampu.

Kanista ni kopo lenye mkaa maalum. Petroli kwenye tenki inatoa mvuke muda wote, hasa kukiwa na joto, na ukijaza mafuta ule mvuke unasukumwa nje kwa wingi, sasa badala ya kwenda hewani unapita kwenye kopo na kunasa kwenye vitundu vya mkaa. Baadaye injini ikishapata moto kompyuta ya gari inafungua ile valvu, iko kati ya kopo na injini, kidogo kidogo, injini inavuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, hewa inabeba ule mvuke unaenda kuungua.

Valvu ikikwama wazi, ukipiga stata tu injini inafyonza mvuke wote uliojazana, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno, haiwaki. Ndo maana ukikanyaga mafuta inawaka, umeiongezea hewa.

Kupima: injini ikiwa ya baridi, washa, chomoa paipu ya upande wa kanista kwenye valvu, ziba tundu la valvu kwa kidole. Ikivuta, valvu imekufa, badilisha.

Halafu pampu ya sheli ikishakata usiongezee. Petroli yenyewe, siyo mvuke, ikiingia kwenye kanista mkaa unaharibika, na hapo valvu mpya peke yake haitatosha.