Kudabo dau kwenye mchezo wa ndege: iache hiyo 6,350 M-Pesa

"Wakuu, kwenye Aviator nimeona zikija buluu nyingi mfululizo, zile raundi zinazoanguka chini ya 2.00x, lazima kubwa ifuate. Nataka nianze na 50, niweke itoke yenyewe kwenye 2.00x, nikiliwa nadabo. Nimetenga 6,350, inanitosha kuliwa mara saba. Kuna jamaa anauza ishara za muda wa kutoka huko Telegram, mia tano kwa wiki, ni za kweli?"

Usiweke, mdogo wangu. Ngazi hiyo ya 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 naijua kwa kichwa. Mimi ni dereva wa tuktuk, nashusha abiria feri ya Likoni, na ngazi hiyo ilipanda na hesabu ya mwenye chombo pamoja na karo ya muhula mzima. Tena ilikuwa inaenda vizuri hadi dakika ile ilipovunjika, ndiyo maana nakuandikia kabla hujaanza kushinda.

Ndege inaanza 1.00x, inapanda, kisha inaruka na kupotea; ukitoka kabla, dau lako linazidishwa kwa namba iliyofikia, ukichelewa unaliwa. Aviator, ambayo Spribe waliitoa mwaka 2019, inatangaza kwamba inarudisha asilimia 97 ya madau, na michezo mingi ya aina hii iko karibu na hapo. Ukiitafsiri 97 hiyo kuwa nafasi, inakuja hivi: gawanya 97 kwa namba unayoingoja. Kufika 2.00x ni asilimia 48.5. Kufika 10.00x ni 9.7. Kwa hiyo kwenye 2.00x unaliwa asilimia 51.5 ya wakati, na hiyo haibadiliki hata kama zimetangulia buluu sita. Kila raundi inachorwa upya. Ile safu ya rangi juu ya skrini ni kumbukumbu ya zilizopita tu.

Sasa tuingie kwenye ngazi yako. Kuliwa mara saba mfululizo, kwa nafasi ya 51.5 kila mara, hutokea karibu mara moja katika kila mizunguko 104. Mzunguko mmoja nahesabu kuanzia dau la 50 hadi ushinde au ngazi iishe. Unaona moja kwa 104 unasema ni mbali. Lakini mzunguko mwingi unaisha kwa raundi moja au mbili, na raundi ni za haraka, unamaliza mizunguko mingi ukingoja abiria. Kila unaposhinda, hata ukishinda kwenye dau la 3,200, faida yako ni 50 tu, maana kilichobaki ni kurudishiwa ulicholiwa. Mizunguko 103 ya kushinda inakupa 5,150. Ule mmoja wa kuvunjika unachukua 6,350. Pengo ni 1,200, na limekaa upande wao.

Hiyo ni wastani. Unaweza kupita mizunguko 200 bila kuvunjika, unaweza kuvunjika leo jioni. Balaa ni kwamba ukipita salama wiki ya kwanza unaamini umeipata siri, unapandisha dau la kuanzia hadi 100, kisha 200, na siku ya kuvunjika ngazi ni kubwa mara nne. Kwa dau la 200, hatua saba ni 25,400. Pesa za watu hupotelea hapo.

Utaniambia, basi nibadilishe muda wa kutoka. Nikae 1.10x niwe salama, au nisubiri 10.00x. Chukua raundi 1,000 za shilingi mia mia, jumla umeweka 100,000. Ukitoka 1.10x unashinda kama 882, kila moja inakulipa 110, unarudi na 97,000 na chenji kidogo. Ukitoka 2.00x unashinda 485 za 200, ni 97,000. Ukingoja 10.00x unashinda 97 za 1,000, ni 97,000. Unachochagua ni kushinda kidogo mara nyingi au kingi mara chache, na jumla inabaki palepale.

Hata kukodolea macho na kubonyeza Cash Out kwa hisia hakusaidii. Katika raundi hizo 1,000, karibu 30 zinaanguka pale pale 1.00x, kabla mtu yeyote hajaweza kutoka. Ile asilimia 3 yao yote wanaichukua hapo, kwenye kupaa. Ikishakuwa hewani, tuseme imefika 2.00x na una 200 mkononi, nafasi ya kufika 4.00x ni nusu kwa nusu: ama 400, ama sufuri, wastani wake 200 ile ile. Hakuna dakika ya kutoka iliyo bora kuliko nyingine, kwa sababu ada ulishalipa ulipoweka dau. Wala haihitaji kampuni ikuibie. Mchezo wa haki kabisa unakula hivyo hivyo.

Na huyo wa Telegram! Mimi nilimlipa wa namna hiyo, na hasira yangu haijaisha. Alikuwa anatuma "toka 1.50x" halafu baada ya muda anabandika picha za ushindi. Hesabu mwenyewe: 97 gawanya kwa 1.50 ni karibu 65. Mtu yeyote akisema 1.50x bila kujua lolote atapatia zaidi ya sita katika kila kumi. Akisema 1.20x atapatia nane. Nilipomwambia nimeliwa, akaniambia niliingia kwa kuchelewa. Alikuwa na jibu hilo kwa kila mtu. Isitoshe alitaka nijisajili upya kwa kiungo chake, na kampuni nyingi za kamari huwalipa mawakala wa viungo fungu la kile wanachopoteza waliowaleta. Ukiliwa wewe, yeye anakula.

Hata angetaka kukusaidia, hana pa kuchungulia. Kwenye Aviator, mbegu ya siri ya upande wa kampuni, yaani mfuatano wa herufi na namba za kubahatisha, hufungwa kabla ya raundi na alama yake kuonyeshwa hadharani, kisha huchanganywa na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na mchanganyiko huo hupitishwa kwenye hesabu ya kompyuta iitwayo SHA512 ndipo namba ipatikane. Kabla hao watatu hawajaingia, namba ya kuanguka haipo bado. Anayekuuzia programu ya kuitabiri anauza namba za kubuni.

Kinachoamua utapoteza kiasi gani ni kimoja, na hiki ndicho ninachokushika nacho shati: jumla ya madau yote uliyoweka. Hesabu za watu huanzia kwenye pesa waliyotuma, na hapo ndipo zinapopotea, kwa sababu shilingi ile ile inazunguka tena na tena na kila mzunguko inakatwa. Ile ngazi yako, kwa wastani, inaweka kama 383 kila mzunguko. Kwa mizunguko 104 ni karibu 40,000, na asilimia 3 ya 40,000 ni 1,200. Ndilo pengo lile lile la mwanzo.

Kama ulishacheza kabla ya kuuliza, fungua historia ya madau yako kwenye akaunti, jumlisha safu ya madau peke yake, usiguse ya ushindi, kisha zidisha kwa 0.03. Ukipata jumla hiyo iandike hapa chini, hata ikiwa kubwa, tuipitie pamoja kabla hujamtumia yule jamaa mia tano.