Linta na mkanda, bei mbili?

Swali: "Fundi wangu hapa Moshi kaniandikia linta bei yake na mkanda bei yake. Si kitu kimoja?"

Jibu: Linta ni boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango, na mkanda ni boriti ya zege inayozunguka kuta zote. Inategemea mkanda unapita wapi. Ukipita moja kwa moja juu ya madirisha na milango, wenyewe ndio linta, kwa hiyo usilipe mara mbili. Ukiwa juu zaidi, na kozi za tofali katikati, bei mbili ni halali. Linta fupi iingie ukutani angalau sentimita 20 kila upande: dirisha la mita 1.5 linahitaji linta ya mita 1.9. Ikiingia kidogo, nyufa za mshazari hutokea pembeni mwa dirisha.

Mwingine: Mimi niliweka nondo nne za milimita 12, basi imetosha.

Jibu: Nondo ni sawa kwa uwazi wa kawaida, lakini zikilala juu ya mbao bila vitofali vya zege vya kuzinyanyua, zege halizifuniki chini na zinaota kutu.

Mwingine: Na geti la gari la mita 3?

Jibu: Hilo muulize mhandisi, inategemea uzito ulio juu yake.