Maswali ya wasomaji: bei juu, kazi hakuna, na usukani ni mmoja

“Maalim, tangu Kusi ianze samaki wamepanda bei na wateja wamenipungukia. Hii ndiyo stagifulesheni inayosemwa redioni?” (Muuza samaki, Langoni)

La, Bi. Hiyo ni Kusi. Bahari ikichafuka mashua ndogo hazitoki, samaki huadimika na bei hupanda, kisha Kaskazi ikirudi hushuka. Stagifulesheni, yaani mdororo wenye mfumuko, ni mambo matatu yanayokaa pamoja kwa muda mrefu: bei za karibu kila kitu zinapanda, uzalishaji umesimama, na kazi zinapotea. Likikosekana moja, tafuta jina jingine. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6 na wengi wenu mliniandikia kwamba tumeshaingia. Hatukuwa tumeingia, kwa sababu mwaka huo uchumi ulikua kwa karibu asilimia 5. Maisha yalikuwa magumu kweli, lakini ugonjwa ulikuwa mwingine. Naomba neno hili tulitunze, kwa sababu dawa ya ugonjwa mmoja huudhuru mwingine.

“Mwalimu wetu asema bei zikipanda ajira huongezeka. Mbona mimi naona kinyume?” (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Hindi)

Mwalimu wako amekupa nusu ya somo. Mwaka 1958 mwanauchumi Phillips, mzaliwa wa New Zealand, alichapisha takwimu za Uingereza kuanzia 1861 hadi 1957. Zilionyesha kwamba ukosefu wa ajira ukipungua, mishahara hupanda kwa kasi zaidi. Wakuu wa serikali nyingi wakaisoma kama orodha ya bei sokoni: lipa mfumuko kidogo, upate ajira kidogo. Wanauchumi Milton Friedman na Edmund Phelps walionya katika miaka ya 1960 kwamba biashara hiyo hudumu tu hadi watu watakapoanza kuutarajia mfumuko. Hawakusikilizwa. Mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974 mafuta ghafi yakapanda kutoka takriban dola 3 kwa pipa hadi karibu 12. Marekani ikapata mfumuko wa zaidi ya asilimia 10, na Mei 1975 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 9. Vyote viwili vilipanda pamoja, jambo ambalo ile orodha haikuwa nalo.

Wasomaji wengine huniuliza ni nani alilitunga neno stagifulesheni lenyewe. Lilisemwa katika bunge la Uingereza mwaka 1965 na mbunge Iain Macleod. Sasa tuendelee.

“Benki Kuu ina wasomi tele. Kwa nini wasiamue moja, wapandishe riba au washushe?” (Nahodha, Kizingitini)

Nahodha, nitakujibu kwa mashua, na hesabu hii ni ya mfano tu.

Safari moja inakula lita 30 za petroli. Lita ikiwa shilingi 100, hiyo ni 3,000. Unarudi na kilo 40, unauza kilo kwa 250, unapata 10,000. Inabaki 7,000 ya kugawana wewe, mwenye mashua na mabaharia watatu. Sasa petroli ipande hadi 200. Gharama ni 6,000 na kinachobaki ni 4,000. Ili urudishe ile 7,000 lazima kilo iuzwe 325. Lakini mama aliyekuwa akinunua kilo mbili hana pesa zaidi ya zile za jana, na yeye pia nauli ya boti imempandia. Kwa bei ya 325 tuseme unauza kilo 28 tu, sawa na 9,100. Unaanza kutoka siku tatu badala ya tano, na baharia mmoja unamwambia abaki nyumbani.

Tazama kilichotokea. Samaki amepanda bei na kijana amekosa kazi, na sababu ni moja. Hakuna aliyekuwa na pesa nyingi mfukoni. Kilichopungua ni uwezo wa kuzalisha kwa gharama ya zamani.

Sasa Benki Kuu ipandishe riba. Riba haifiki kwenye tangi la petroli, inafika mfukoni mwa mnunuzi. Mwenye mkopo anabanwa, hoteli inaahirisha ukarabati, mafundi wanakosa kazi, na wote wanapunguza samaki. Bei inaweza kuteremka kutoka 325 hadi 290, lakini petroli bado ni 200, kwa hiyo baharia wa pili naye anabaki nyumbani. Bei umeituliza kwa kuongeza umaskini.

Basi ishushe riba. Mikopo inakuwa rahisi, wanunuzi wanarudi, na kwa miezi kadhaa kila mtu anasifu. Lakini petroli tunainunua nje kwa dola. Pesa zaidi zikikimbilia dola zile zile, shilingi inadhoofika, na lita inapanda tena. Hata wewe uliyepata wateja utahitaji bei mpya. Ajira haikuongezeka kwa kudumu, na mfumuko umepata mguu wa pili.

Huo ndio mtego. Usukani ni mmoja na hatari ziko pande mbili, na tena chombo hakigeuki papo hapo: uamuzi wa riba huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, hadi ufike kwenye bei. Wasomi wale si wajinga. Wanachobishania ni swali moja gumu: je, mshtuko huu umepita? Petroli ikiruka mara moja na kutulia pale juu, baada ya miezi kumi na miwili haiongezi tena kitu kwenye mfumuko, kwa kuwa unailinganisha na bei ambayo tayari ni ya juu. Hapo subira ni bora. Lakini muuza barafu, fundi wa mashine na mwenye nyumba wakianza kupandisha bei kwa kuwa tu wanatarajia wengine watapandisha, moto unajiwasha wenyewe hata petroli ikishuka.

Marekani ya miaka ya 1970 ilisubiri mno. Mshtuko wa pili wa mafuta ulipokuja 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, watu walikuwa wameshazoea kupandishiana. Paul Volcker aliingia kuongoza benki kuu yao Agosti mwaka huo, na riba ya muda mfupi ikafika karibu asilimia 20. Mfumuko uliozidi asilimia 13 mwaka 1980 ukashuka hadi takriban 3 mwaka 1983. Gharama yake ilikuwa ukosefu wa ajira wa asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Anayeniambia kwamba Volcker alishinda, namwomba alitaje na hilo la pili.

“Serikali si ina mashine ya pesa? Ichapishe, vijana wapate mitaji.” (Msomaji, Mpeketoni)

Hii ni mara ya nne mwaka huu naulizwa hivi, na naudhika, kwa sababu Kenya tumeshalijaribu jambo hili na wanaokumbuka bado wako hai.

Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada. Ukame ukapunguza mavuno, dola zikaadimika. Ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, pesa zikamiminwa kwa wingi. Juu ya hayo, hazina ilikuwa ikilipa fidia kwa mauzo ya dhahabu ambayo hayakuwako, ile kashfa ya Goldenberg. Pesa ziliongezeka, mahindi hayakuongezeka. Mwaka 1993 mfumuko ulifika takriban asilimia 46 na uchumi ulikua kwa chini ya asilimia 1. Dola iliyokuwa kwa wastani shilingi 28 hivi mwaka 1991 ilifika wastani wa 58 mwaka 1993. Huo, ndugu yangu, ndio mdororo wenye mfumuko wa kwetu, na haukuletwa na mafuta peke yake.

Kisha ikabidi pesa zile zifyonzwe. Serikali iliuza hati zake za mkopo za muda mfupi kwa riba iliyopita asilimia 70. Fikiria wewe ni benki: nani atamkopesha seremala wa Matondoni mtaji wa mbao, huku serikali inalipa zaidi ya 70 bila wasiwasi? Mitaji ya vijana unaowatetea ndiyo iliyokufa kwanza. Nilikuwa nikimsaidia mjomba dukani wakati huo. Tuliacha kuandika bei ya sukari kwenye ubao, maana ilikuwa ikifutwa kabla ya chokaa kukauka. Wateja wa mkopo, watu waaminifu waliokuwa wakilipa kila mwisho wa mwezi, tulilazimika kuwakataa, kwa kuwa pesa walizoleta mwisho wa mwezi hazikununua tena gunia lile lile. Mpaka leo inaniuma.

“Kwa nini bei za unga zisiwekewe kikomo tu?” (Mama wa watoto watano, Mkomani)

Bi, najua unaulizia kwenye sufuria, na si swali la kupuuzwa. Julai 2022 serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi kwa shilingi 100, bei iliyokuwa karibu nusu ya ile ya dukani, na ikaahidi kuwalipa wasagaji tofauti. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa kwamba unga wa bei hiyo hauonekani madukani, na baada ya wiki chache mpango ukakoma. Marekani nayo ilizuia bei na mishahara Agosti 1971, kisha vizuizi vilipolegezwa bei zikaruka. Kikomo hakiongezi mahindi. Kama kuna pesa za umma, napendelea mara mia zifike moja kwa moja mkononi mwa familia zenye shida, na ushuru wa mahindi ya kuagiza uondolewe mapema, kabla ghala halijawa tupu.

“Ninunue dhahabu?” (Bila jina)

Lipa deni lako la riba kubwa kwanza.

“Nina vyumba sita vya kupangisha Mokowe. Nipandishe kodi sasa, kabla bei za wengine hazijapanda?” (Mwenye nyumba)

Wewe ndiye mtu ambaye Benki Kuu inamwangalia, hata kama hujui. Kila mwisho wa mwezi Shirika la Takwimu la Taifa hutoa kiwango cha mfumuko. Usiishie kwenye ile namba kubwa ya kichwa cha habari. Tazama sehemu isiyohesabu chakula na mafuta, ambamo kodi kama yako imo. Oktoba 2022, wakati kichwa cha habari kilikuwa 9.6, sehemu hiyo ilikuwa chini ya asilimia 5. Maana yake moto ulikuwa bado jikoni na kwenye tangi, haujaingia nyumba nzima. Sehemu hiyo ikianza kupanda miezi mitatu, minne mfululizo huku biashara zikifungwa, hapo ndipo pa kuogopa.

Kwa upande wako, piga hesabu. Chumba cha shilingi 4,000 kinakupa 48,000 kwa mwaka. Ukipandisha hadi 4,400 na mpangaji akakosa kazi akahama, chumba kikae tupu miezi miwili, utapata 44,000. Rangi na maji vikikupandia, ongeza kiasi hicho kilichopanda, na umwonyeshe mpangaji risiti.