Matini, sharhe na hashia: uanze kusoma ipi?

*"Ninasoma Fat-hul Qarib pamoja na hashia ya Bajuri. Nikimaliza ukurasa nimechoka na bado sijui hukumu yenyewe ni ipi. Nakosea wapi?"*

Ndugu yangu, nilivyofundishwa mimi, na ndivyo ninavyosoma mpaka leo, ukurasa mmoja husomwa mara tatu, kila mara kwa swali lake.

Mara ya kwanza soma yaliyo ndani ya mabano tu. Hayo ndiyo matini, yaani maneno ya asili ya Abu Shujaa. Chukua mlango wa maji: aina ya pili ni maji yaliyo tohara, yanayotoharisha, lakini ni makruhu kuyatumia, nayo ni yaliyopashwa moto na jua. Basi. Ukiweza kuisema hukumu hiyo bila kitabu, endelea.

Mara ya pili soma mstari mzima, mabano na yaliyo nje yake, kama sentensi moja. Ibn Qasim al-Ghazzi, mwenye Fat-hul Qarib, ambayo ni sharhe, yaani ufafanuzi wa matini hiyo, ameyafuma maneno yake ndani ya matini, kwa hiyo ukiyatenga hutapata maana. Hapa jiulize: ameongeza sharti gani? Utaona hukumu imebanwa. Ni katika nchi ya joto, na ni chombo cha madini yanayofuliwa kwa nyundo, isipokuwa dhahabu na fedha. Maji yakipoa, ukaraha unaondoka. Kwa hiyo maji yaliyokaa juani kwenye chungu cha udongo hayamo, ijapokuwa matini peke yake ingekufanya uyaingize.

Kisha sharhe inasema Nawawi, imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafi, amechagua kuwa hakuna ukaraha kabisa. Wanafunzi wengi hufunga kitabu hapo wakidhani matini imefutwa.

Hapo ndipo pa kuifungua hashia, yaani maelezo ya Bajuri juu ya sharhe, mara ya tatu, ukiwa na swali mkononi: kauli inayotegemewa katika madhehebu ni ipi? Tafuta neno "qauluhu", yaani "kauli yake", linalofuatiwa na maneno yaleyale ya sharhe, usome kipande hicho tu. Jibu ni kwamba ukaraha ndio unaotegemewa. Chaguo la Nawawi ni rai yake kwa nguvu ya dalili. Yeye mwenyewe katika kitabu chake Minhaj ameandika kuwa maji hayo ni makruhu. Sababu inayotajwa ni kuhofia mbalanga, ndiyo maana ukaraha unahusu kuyatumia mwilini, si kufulia nguo.

Mijadala ya nahau iliyojaa mwanzoni mwa hashia iruke kwa sasa. Ina faida kubwa, ila haijibu swali lako la hukumu.

Na ukifika kwenye hashia za vitabu vikubwa, jihadhari na vifupisho vya majina. Herufi mim na ra ni Ramli. Sin na mim ni Ibn Qasim al-Abbadi, wala si huyu al-Ghazzi unayemsoma sasa.