A na C haziko sawa
"Wasee, ABCD iko ndani ya duara, pembe A ni 3x + 10, C ni 2x + 20. Nimezifanya sawa, x = 10, ticha akakata. Mbona?"

Hiyo ya pembe zinazotazamana kuwa sawa ni ya msambamba buda. Weka O katikati ya duara, unganisha OB na OD. Pembe ya katikati huwa mara mbili ya ile ya ukingoni inayotazama tao hilo hilo, kwa hivyo upande mmoja wa O ni 2A, ule mwingine 2C, na kuzunguka O yote ni 360°, basi 2A + 2C = 360°, gawa kwa mbili, A + C = 180°.

Sasa 5x + 30 = 180, x = 30, A ni 100°, C 80°. Yako ilitoa 40 na 40, jumla 80 tu. Na cheki kona zote nne ziguse duara, moja ikikaa kwa O hii haishiki.